Kupasha sauti kabla ya kufundisha asubuhi ya baridi: taya kwanza, midomo, kisha mvumo

Ukiongoza kwaya hapa Mbeya, mwezi wa sita na wa saba unawatambua walimu wa shule bila kuwauliza kazi zao. Wanafika mazoezini jioni, wanasalimia, na salamu yenyewe inatoka imekwaruza. Soprano aliyekuwa anapanda bila shida mwezi wa nne anaomba ahamie alto. Koo lake halina ugonjwa wowote. Ameanza kazi asubuhi, sauti ikiwa baridi, kwa kupaza juu ya kelele za wanafunzi, akaendelea hivyo mpaka mchana.

Mwongozo huu ni kwa mwalimu wa namna hiyo, lakini mwezeshaji wa semina, mhubiri au mshereheshaji anayekaa na kipaza sauti saa tano nzima anaweza kuufuata vilevile. Zoezi lote halizidi dakika 12. Kinacholifanya lisaidie ni mpangilio wake: taya, kisha midomo, kisha mvumo wa "mmm", kisha maneno. Ukianza na mvumo wakati taya bado limekaza, utavumisha kwa koo, na hapo utakuwa umejichosha kabla ya kengele.

Kinachotokea kooni

Nyuzi za sauti ni mikunjo miwili midogo ndani ya kikoromeo. Ukisema, hewa ya mapafu huzifanya zigongane na kuachana kwa kasi. Kwa mwanamke anayeongea kawaida hugongana kama mara 200 kwa sekunde, kwa mwanamume kama mara 120. Chukua vipindi vinne vya dakika 40 na utoe muda wa kuandika ubaoni, kusikiliza majibu na kuvuta pumzi. Tuseme sauti imetoka kwa dakika 60 tu. Kwa mwanamke hiyo ni migongano 720,000 kabla ya chai ya saa nne. Ukipaza sauti, kila mgongano unakuwa mzito zaidi.

Nyuzi hizo hujilinda kwa utando mwembamba wa ute, na ute huo ndio unaoteseka kwenye nyanda zetu za juu. Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mvua zikishakatika, kuanzia mwezi wa tano hivi, hewa ni kavu, na alfajiri za mwezi wa saba joto hushuka chini ya nyuzi 10. Hewa baridi hubeba unyevu mdogo. Ukiivuta kwa mdomo inafika kooni ikiwa kavu na baridi, na ute unakuwa mzito. Pua ndiyo iliyowekwa kuipasha na kuilowanisha hewa hiyo.

Kwa hiyo kazi ya kupasha sauti huanza njiani. Ukipanda bodaboda kutoka Mwanjelwa saa 12 na nusu asubuhi, jifunge skafu au kitenge mdomoni na puani, vuta hewa kwa pua, na usianzishe mazungumzo na dereva. Kuzungumza juu ya mlio wa pikipiki huku upepo ukikupiga usoni ni kupayuka tu, na unaifanya sauti ifanye kazi hiyo ikiwa haijaamka.

Kunywa maji mapema, kama saa moja kabla ya kuanza kusema, glasi moja au mbili, yawe ya uvuguvugu. Maji hayapiti juu ya nyuzi za sauti. Yakipita hapo utapaliwa. Yanakwenda tumboni, yanaingia mwilini, ndipo ute unapata unyevu, na hilo linahitaji muda. Ndiyo maana funda moja mlangoni mwa darasa linatuliza mdomo tu. Mvuke ndio unaofika moja kwa moja. Mimina maji ya moto kikombeni kutoka kwenye chupa ya chai, yaache yapoe kidogo mpaka mvuke usiunguze, kisha uvute taratibu kwa pua kwa dakika 3 hivi.

Na tangawizi? Watu wa kwaya wataudhika, lakini tangawizi haigusi nyuzi za sauti. Inapasha koo na inapendeza, basi. Mwenye kiungulia anayekunywa tangawizi kali au kahawa nzito tumbo likiwa tupu anaweza kujizidishia tatizo, maana tindikali ya tumbo ikipanda hufika mpaka kwenye kikoromeo.

Taya: dakika 4

Hapa ndipo nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo watu wanapokimbia. Wengi hudhani taya ni kazi ya kutafuna, halina habari na sauti. Lakini kikoromeo kimening'inia kwenye misuli inayopanda mpaka chini ya ulimi na taya. Taya likikaza, mzizi wa ulimi unakaza, kikoromeo kinavutwa juu, na nyuzi zinalazimika kufanya kazi zikiwa zimebanwa. Baridi nayo inaongeza. Mtu anayetetemeka huuma meno bila kujijua.

Anza kwa kushusha mabega. Yapandishe mpaka karibu na masikio, yashikilie sekunde 3, yaachie. Fanya hivyo mara tatu, kisha geuza shingo polepole kulia na kushoto. Inatosha.

Sasa weka vidole viwili kila upande wa uso, kati ya mfupa wa shavu na pembe ya taya. Uma meno kidogo. Utasikia msuli unavimba chini ya vidole. Huo ndio unaotaka kuulegeza. Achia meno, kisha usugue hapohapo kwa mizunguko midogo ya polepole kwa dakika nzima. Usikandamize mpaka uone nyota. Mara nyingi upande mmoja huuma kuliko mwingine, na mara nyingi ndio upande unaotafunia.

Baada ya hapo weka viganja kwenye mifupa ya mashavu, uvitelemshe taratibu mpaka kidevuni, na uache taya lifuate uzito wa mikono. Usilifungue kwa nguvu, liache lidondoke. Mdomo utabaki wazi kidogo, sura ya mtu aliyesinzia kwenye basi. Rudia mara tano au sita. Ncha ya ulimi ipumzike nyuma ya meno ya chini.

Kipimo chake ni hiki. Shika kidevu kwa kidole gumba na cha shahada, jaribu kukipandisha na kukishusha kwa mkono tu, polepole, bila taya kusaidia. Siku za kwanza taya litagoma, litasukuma au kusaidia. Hilo ni jawabu tayari: bado limekaza. Rudi kwenye kusugua, piga mwayo mmoja au miwili mirefu, kisha ujaribu tena. Likikubali hata kwa sentimita moja, umefika. Usilivute kwa nguvu wala kulipeleka pembeni. Likiwa linaalika na kuuma karibu na sikio, acha sehemu hii ya mkono kabisa, ubaki na kusugua na kutelemsha viganja.

Malizia kwa kusema "ya-ya-ya-ya" kivivu, sauti ya chini, taya likining'inia. Weka kidole gumba chini ya kidevu, kwenye sehemu laini nyuma ya mfupa. Panapaswa pawe pamelegea. Pakiwa pagumu wakati unasema, ulimi unasukuma. Kumbuka mahali hapo, tutaparudia.

Midomo: dakika 3

Kabla ya yote, paka midomo mafuta ya mgando. Baridi ya huku hupasua midomo, na midomo iliyokauka haitetemeki.

Funga midomo kwa kuilegeza, meno yakiwa yameachana ndani, kisha puliza hewa mpaka itetemeke: "brrrr". Kwanza bila sauti, hewa tupu, mara nne au tano. Kisha ongeza sauti, kwenye kimo cha kuongea kawaida, yaani isiwe nyembamba wala nzito kuliko unapoongea, ushikilie sekunde 5 hadi 8, upumzike, uvute hewa kwa pua, urudie.

Inasaidia kwa sababu midomo inayotetemeka huziba njia ya hewa nusu. Shinikizo dogo linarudi nyuma mpaka juu ya nyuzi za sauti na kuzisaidia kuachana, hivyo zinatetemeka bila kugongana kwa nguvu. Kupuliza sauti kwenye mrija hufanya kazi hiyohiyo. Ingo Titze, mtaalamu wa sayansi ya sauti wa Marekani, ameandika sana kuhusu mazoezi ya aina hii ya kuziba mdomo nusu, na leo wanaotibu sauti wanayatumia sehemu nyingi duniani.

Midomo ikishatulia kwenye kimo kimoja, ipandishe na kuishusha. Mtoto yeyote wa Iringa anajua kuigiza lori linalopanda Kitonga: linaunguruma chini, linapanda, dereva anabadilisha gia, linashuka tena kidogo, linaendelea. Fanya hivyo. Anza chini, panda polepole mpaka pale sauti inapoanza kuwa nyembamba, kisha shuka. Usitafute kilele. Hii siyo soprano ya Pasaka, mwalimu hahitaji noti za juu. Mara tano au sita zinatosha.

Mambo yanayokwama hapa ni machache na kila moja lina dalili yake. Midomo ikitetemeka mara mbili na kusimama, ama imekaza ama hewa haitoshi. Weka kidole kimoja kwenye kila pembe ya mdomo, sukuma mashavu juu na mbele kidogo, ujaribu tena. Kwa wengi hilo pekee linamaliza tatizo. Sauti ikikatika katikati ya kupanda, umepanda haraka. Rudi, upite hapo polepole na kwa sauti ndogo zaidi. Ukisikia kizunguzungu unapuliza kupita kiasi. Kaa, pumua kawaida, kisha uendelee kwa hewa kidogo.

Kuna watu ambao midomo yao haikubali kamwe, na hakuna haja ya kugombana nayo. Chukua chupa yenye maji nusu, tumbukiza mrija sentimita 2 au 3 chini ya maji, upulize huku ukitoa sauti ya "uuu" ndani ya mrija. Mapovu yatoke mfululizo, kwa mwendo mmoja. Mapovu yakiruka na kunyamaza kwa zamu, hewa yako haitoki sawasawa. Kisha panda na kushuka kama kwenye midomo.

Mvumo: dakika 3

Kimo cha kuanzia ni kile unachotumia mama mkwe anapoongea kwenye simu nawe unaitikia "mhm… mhm…" bila kufikiria. Hicho ndicho kimo chako cha asili cha kuongea, na mara nyingi walimu wanashangaa kukuta kiko chini ya kile wanachotumia darasani.

Refusha "mhm" hiyo iwe "mmmmm". Midomo igusane tu, isibane. Meno yaachane, taya libaki kama ulivyoliacha. Sikiliza kwa vidole badala ya masikio: gusa midomo na sehemu za pembeni ya pua. Mvumo mzuri unatekenya hapo. Ukiusikia kooni tu, kagua taya kwanza, maana karibu kila mara meno yamegusana. Kama taya ni sawa, pandisha kimo kidogo, pengine umeanza chini mno. Kisha rudisha kidole gumba chini ya kidevu. Pawe laini kama mwanzo.

Sauti ndogo. Hapa wanakwaya wana shida kuliko walimu, wanataka kila mvumo ujaze kanisa. Mvumo wa kupasha unapaswa usisikike chumba cha pili.

Ukishatekenya, fungua mdomo bila kuupoteza mtekenyo: "mmmma, mmmme, mmmmi, mmmmo, mmmmu". Ukifika kwenye "a" angalia taya lidondoke, lisijizuie.

Daraja la kwenda kwenye maneno: dakika 2

Wengi hufanya vizuri mpaka hapa, kisha wanaingia darasani na kufoka "Kaeni chini!" kwa kimo cha jana. Mazoezi yote yanakuwa kazi bure, kwa sababu sauti imepashwa lakini haijaonyeshwa njia ya kufika kwenye maneno.

Kwa bahati, majina ya huku yanasaidia. Sema kwa kuvuta herufi ya kwanza: "Mmmmbeya. Mmmmbozi. Mmmmbalizi. Mmmmbarali. Mmmmwanjelwa. Nnnnjombe." Mvumo unaanza, neno linatoka juu yake. Kisha punguza kuvuta mpaka useme majina hayo kawaida, mtekenyo ukiwa bado mdomoni. Kisha sema sentensi ya kwanza ya somo lako mara tatu: mara ya kwanza kwa sauti ya mtu aliye karibu, ya pili kwa dawati la katikati, ya tatu kwa dawati la nyuma. Kimo kisipande. Ongeza hewa na ufungue taya zaidi. Kimo kikipanda, umeanza kupayuka.

Asubuhi moja ya mwalimu wa zamu

Mwalimu mmoja wa sekondari upande wa Uyole, alto kwenye kwaya yetu, alinijia wiki aliyokuwa wa zamu. Ilikuwa lazima aongee kwenye paredi nje, hakuna kipaza sauti, kisha afundishe vipindi vinne mfululizo.

"Mwalimu, mpaka Jumatano sina sauti," akaniambia. "Na Ijumaa kuna mtihani wa kusoma imla."

"Paredi unaanzaje, madam?"

"Naita. Wananyamaza, naendelea."

"Unaita ukiwa umetoka wapi?"

"Ofisini. Tunapiga stori tukisubiri kengele."

Tukapanga hivi. Saa 12:00 asubuhi anakunywa maji ya uvuguvugu, glasi moja na nusu, chai baadaye. Saa 12:30 anapanda bodaboda, skafu usoni, kimya. Saa 1:00 amefika. Saa 1:10 anakwenda nyuma ya stoo ya vitabu, ambako hakuna wa kumcheka, anafanya taya, midomo, mvumo na daraja. Saa 1:22 amemaliza. Paredi ni saa 1:30, na hizo dakika nane haendi kupiga stori kwenye baridi. Anakaa ndani au anatembea, akivumisha kidogo kila baada ya muda.

Kwenye paredi tulibadilisha jambo moja kubwa. Kuita anaita kiranja kwa kengele. Madam anasubiri wanyamaze wenyewe, anawasogeza mistari karibu, anasimama upepo ukimpiga mgongoni ili uchukue sauti kuelekea kwa wanafunzi, na anasema sentensi fupi. Mwalimu anayeanza kuongea watu hawajanyamaza hushindana na kelele, na koo huwa linashindwa.

Vipindi vilianza saa 2:00 mpaka saa 4:40. Kati ya darasa na darasa alitetemesha midomo akitembea, sekunde 30 tu. Darasani aliacha kuongea akiwa ameelekea ubaoni, kwa sababu huko sauti inarudi ukutani na vumbi la chaki linaingia mdomoni. Alifuta ubao kwa kitambaa chenye unyevu. Na kila alipotaka kukohoa kusafisha koo, alimeza mate au akanywa funda la maji. Kukohoa kwa makusudi hugonganisha nyuzi kwa nguvu, na ute unarudi upesi.

Ijumaa alisoma imla. Sauti ilikuwa imechoka, hilo halikwepeki, lakini ilitoka. Jioni alikaa na alto wenzake.

Baada ya kazi, na pale mazoezi yasipotosha

Vipindi vikiisha, rudia midomo kwa dakika 2, safari hii ukishuka tu kutoka katikati kwenda chini, kisha mvumo mdogo. Halafu nyamaza dakika 10 au 15 kama kazi inaruhusu. Kunong'ona hakuhesabiki kuwa mapumziko. Wengi wakinong'ona wanabana kikoromeo kuliko wakiongea taratibu.

Siku ya mafua, ambapo sauti imekwisha kukwaruza asubuhi, fanya taya na mvumo mdogo peke yake, acha kupanda na kushuka, na uwaandikie wanafunzi kazi ubaoni. Ukihisi maumivu wakati wowote wa zoezi, acha siku hiyo. Uchovu wa kawaida hauumi, na hupungua ukilala.

Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki 3 hata baada ya kupumzika, mwone daktari wa masikio, pua na koo akuangalie kikoromeo kwa kifaa chake. Kwa walimu kinachokutwa mara nyingi ni vinundu kwenye nyuzi, na vingi hupungua kwa tiba ya sauti bila kukatwa. Ukitema damu, ukipata shida kumeza au kupumua, au ukigusa uvimbe shingoni, usihesabu wiki. Nenda hospitali siku hiyohiyo.